Taarifa ya Chanjo Iende Mbele ya Gari

Chanjo inayotoka Unguja kwenda kituo cha afya cha Konde, kaskazini mwa Pemba, hubebwa na vyombo zaidi ya kimoja. Kasha baridi hupelekwa bandarini kwa gari, huvuka bahari kwa boti hadi Mkoani, kisha hupakiwa katika gari jingine linalokipita kisiwa karibu chote, kutoka kusini hadi kaskazini. Katika kila makabidhiano hayo kasha huweza kukaa juani au kungoja mtu asiyekuwepo. Taarifa ya kusafirisha mzigo ndiyo humwezesha mpokeaji kuziona hatua hizo kabla kasha halijafika. Kwa hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya mnyororo baridi kama lilivyo jokofu lenyewe, wala isichukuliwe kuwa adabu ya kuarifiana tu.

Taarifa nyingi hueleza aina ya chanjo na idadi ya dozi, kisha hutaja gari lililoondoka bohari ya Unguja. Gari hilo halitaonekana Konde kamwe. Mpokeaji anahitaji nambari ya gari la kipande cha mwisho, jina la dereva wake na nambari ya simu inayopatikana njiani. Ikiwa gari la Pemba halijulikani wakati kasha linafungwa, taarifa iseme hivyo, na yule anayelipokea kasha Mkoani atume taarifa ya pili mara tu linapopakiwa. Taarifa mbili fupi zenye ukweli zina faida kuliko moja ndefu yenye gari lisilo sahihi.

Jambo linalokosewa zaidi ni saa. Tuseme mtumaji amekusudia saa 9 alasiri, akaandika «3:00» kwa kufuata simu yake. Muuguzi wa Konde, anayehesabu saa kama zinavyohesabiwa majumbani, husoma saa 3. Asubuhi imekwisha kupita, basi huelewa kuwa ni saa 3 usiku, akapanga kurudi kituoni baada ya Isha. Gari likifika alasiri chumba cha chanjo kimefungwa, na dereva mwenye mizigo mingine huliacha kasha kwenye baraza, mikononi mwa yeyote aliyepo. Hakuna aliyesema uongo, lakini tofauti ya saa sita imepatikana. Dawa yake ni kuandika «saa 9 alasiri, Jumanne», pamoja na tarehe, bila kuacha tarakimu zisimame peke yake.

Hata saa iliyoandikwa vizuri haitoshi ikiwa ni moja. Saa ya kutarajiwa kufika humwambia mpokeaji wakati wa kungoja, lakini haimwambii wakati wa kuwa na wasiwasi. Taarifa inapaswa kuwa na saa ya pili: ukomo wa kasha, yaani wakati ambao baridi yake haitegemewi tena. Shirika la Afya Duniani hulitaka kasha la safari fupi lihimili baridi kwa angalau saa 48 katika majaribio ya nyuzijoto 43, bila kufunguliwa. Safari halisi si maabara. Barafu iliyoachwa iyeyuke kidogo ili isigandishe chanjo hudumu muda mfupi zaidi, na kifuniko hufunguliwa njiani. Mtumaji mwangalifu hupanga ukomo ulio chini sana ya kiwango hicho.

Tuchukue mfano. Kasha limefungwa Unguja Jumanne saa 11 alfajiri. Linatarajiwa Konde siku hiyo hiyo saa 9 alasiri, na mtumaji ameweka ukomo wa saa 24, yaani Jumatano saa 11 alfajiri. Inapofika saa 11 jioni gari halijaonekana. Muuguzi anampigia dereva na kuambiwa kuwa gari limeharibika karibu na Chake Chake. Kwa kuwa anaujua ukomo, anajua pia kwamba zimebaki saa 12. Anaomba kasha lipelekwe katika jokofu la chanjo lililo karibu, na safari ya Konde iendelee asubuhi likiwa na barafu mpya. Bila saa hiyo ya pili angebaki na njia mbili mbaya: kuipokea chanjo kwa kubahatisha, au kuitupa ilhali bado ni nzima.

Sehemu ya tatu ya taarifa ni nyaraka. Haitoshi kuandika «nyaraka zimeambatanishwa». Zitajwe moja moja: hati ya kutolea bohari, orodha ya chanjo yenye nambari za bechi na tarehe za mwisho wa matumizi, na rekodi ya joto la njiani. Orodha hiyo ionyeshe pia maji ya kuchanganyia. Chanjo ya surua na rubela, pamoja na ile ya kifua kikuu, husafiri zikiwa unga, na kila moja huhitaji maji yaliyotolewa na mtengenezaji wake. Vichupa 20 vya unga vilivyofika bila maji yake havimchanji mtoto hata mmoja. Taarifa iliyotangulia huwezesha upungufu huo kugunduliwa wakati kasha bado liko Unguja, ambako kuurekebisha ni kazi ya dakika chache.

Karatasi ikikosekana wakati wa kupokea, chanjo isiachwe nje hadi mjadala uishe. Iwekwe kwenye jokofu, kati ya nyuzijoto 2 na 8, ikiwa imetengwa na kuandikwa «isitumike», na mtumaji apigiwe simu papo hapo. Mpokeaji atie saini kwa kile alichokihesabu, na aandike kilichopungua pamoja na saa halisi ya kufika.

Wapo wasemao kuwa simu moja yatosha, kwani Pemba ni ndogo na watu wanajuana. Ni kweli kwamba simu ni ya haraka. Lakini anayeipokea huenda asiwe ndiye mwenye ufunguo wa jokofu jioni ile, na nambari ya bechi iliyosikika kwa sikio haiwezi kulinganishwa na iliyo kwenye kichupa. Ujumbe wa maandishi hubaki, na unaweza kupelekwa kwa watu wawili kwa pamoja: mpokeaji na msaidizi wake. Simu ifuate, kuthibitisha kwamba umesomwa.

Taarifa nayo ina mipaka yake. Haiwezi kusema kilichoipata chanjo ndani ya kasha. Kibandiko cha kichupa huonyesha joto lililokusanyika: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara au kuizidi, chanjo haifai. Kibandiko hicho hakionyeshi kuganda, nako kuganda huiharibu chanjo ya pentavalenti na ile ya pepopunda. Kwa hiyo kasha lililofika kwa wakati, na nyaraka zote, bado lafaa kukaguliwa kiashiria chake cha kuganda kabla ya kupokewa.

Bohari yoyote inaweza kuweka kanuni moja isiyohitaji fedha mpya: gari lisiwashwe hadi mpokeaji ajibu kwamba ameisoma taarifa, jokofu lina nafasi, na mwenye ufunguo atakuwepo saa iliyotajwa. Dakika chache za kungoja jibu katika bohari ni nafuu kuliko saa sita za kasha kukaa barazani Konde.