Ongeza kidogo, sogeza kikomo

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri kuongeza mzigo bei inapopanda, ila suala la ukubwa wa kila nyongeza umelipita haraka, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Chukua hisa 100 ulizonunua kwa shilingi 50, kikomo cha hasara 47. Ukikosea, unapoteza 300. Bei ikifika 54, ongeza 50 tu, kisha pandisha kikomo cha hisa zote hadi 51. Soko likigeuka, zile za kwanza zinakupa faida ya 100, za pili zinakula 150. Hasara yako sasa ni 50, ingawa mzigo umekua. Ikifika 58, ongeza 25 na weka kikomo 55: ukitolewa hapo, unaondoka na faida ya 475.

Sasa fanya kinyume, kama wengi wanaonogewa na faida: 100, halafu 200, halafu 400 kwa bei zilezile. Wastani wako unapanda hadi karibu 55.70. Bei ikirudi 55 unatoka na hasara ya 500, na hisa bado iko juu ya ulipoanzia!

Kikomo kipya kikae chini ya bonde la mwisho la bei. Kama bonde hilo liko mbali kiasi cha kurudisha hasara ya mwanzo, usiongeze. Na kumbuka, soko likifunguka chini ya kikomo chako, utauza kwa bei utakayoikuta, si uliyoandika.

Tafadhali, andika sehemu ya pili kuhusu suala hilo la ukubwa.