Saa tisa ya kwenye barua pepe ni saa tatu

Wiki iliyopita nilipita Gerezani kununua bolti za mashine ya kupukuchulia mahindi. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri, ambaye tunafahamiana, akanionyesha simu yake kwa furaha. Kijana wake, aliyemaliza chuo, ameitwa kwenye usaili wa kazi ya ununuzi wa nafaka katika kampuni moja iliyoko Mikocheni, na alikuwa amemtumia ile barua pepe.

"Ni Jumanne saa tisa, mwanangu," akaniambia. "Kwa hiyo asubuhi nimempanga akanitolee mzigo, mchana ndipo aende."

Nikaisoma. Iliandikwa kwa Kiingereza, na saa ilikuwa "9:00 AM EAT". Hiyo ni saa tatu asubuhi. Mzee alisoma tarakimu kama anavyozisoma kwenye saa ya ukutani ya Kizungu, akasahau kutoa sita. Kijana naye hakushtuka kwa sababu baba yake hakumwambia mzigo utachukua muda gani. Wangegundua Jumanne saa nne, kijana akiwa juu ya lori.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Kuanzia 7:00 AM hadi 12:00 PM, ambayo ni saa sita mchana, toa sita. Kuanzia 1:00 PM hadi 6:00 PM ongeza sita, kwa hiyo 2:00 PM ni saa nane mchana. Herufi EAT maana yake ni saa za Afrika Mashariki, basi hakuna la kuongeza. Lakini kama usaili ni wa mtandaoni na mwajiri ameandika GMT, ongeza kwanza saa tatu: 12:00 GMT ni 3:00 PM ya hapa, yaani saa tisa alasiri. Akiandika BST, saa za kiangazi za Uingereza, ongeza mbili tu.

Lililonishughulisha zaidi lilikuwa yale ambayo barua haikuyasema. Ilitaka "vyeti halisi na kitambulisho", basi. Mwajiri binafsi huandika kwa ufupi akidhani unajua mengine. Kwa bahati nzuri kuna mahali yameandikwa yote. Soma tangazo lolote la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Humo utakuta kwamba vyeti halisi huanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea. Kwamba hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti. Kwamba majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti unatakiwa uwe na hati ya kisheria. Na kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kampuni binafsi si lazima ifuate hayo, lakini aliyejiandaa kwa kipimo hicho harudishwi mlangoni. Kijana wa mzee alikuwa bado hajachukua cheti chake chuoni, ana hati ya matokeo tu. Hilo ni la kumwambia mwajiri mapema kwa maandishi, lisingoje meza ya usaili.

Kisha kulikuwa na sentensi moja iliyopita kimya kimya: "kutakuwa na zoezi fupi kabla ya mahojiano". Kwa kazi ya kununua nafaka mimi ningetarajia hesabu ya bei. Tuseme gunia la kilo 100 linanunuliwa Kibaigwa kwa shilingi 600 kwa kilo, usafiri ni shilingi 70 kwa kilo, na kilo mbili zinapotea njiani. Wengi hujibu 670. Lakini shilingi 67,000 ulizotumia sasa zinagawanywa kwa kilo 98 zilizofika, na kila kilo imekugharimu karibu shilingi 684. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua hesabu hii bila kalamu, hivyo nilimshauri mzee amfundishe mwanawe mwenyewe jioni ile.

Barua iliomba pia uthibitisho. Wengi hujibu "sawa, asante", wakapoteza nafasi pekee ya kuuliza. Tuliandika sentensi nne, kwa Kiingereza kwa kuwa wao walitumia Kiingereza: nitafika Jumanne saa tatu asubuhi, cheti changu cha chuo bado hakijatoka, nitaleta hati ya matokeo na barua ya chuo, je, inatosha? Zoezi litafanywa kwa karatasi au kompyuta, na kama ni kompyuta nije na yangu? Kila kitu kitachukua muda gani? Saa tuliiandika tena kwa makusudi, ili kama tumeisoma vibaya watusahihishe.

Majibu yalikuja Jumatatu asubuhi. Barua ya chuo inatosha, aje na kompyuta, atenge muda hadi saa saba. Mzee akaazima kompyuta mpakato duka la jirani, na mzigo akausogeza hadi Jumatano.