Keki Haikuchelewa, Uliichelewesha

Wiki jana mama mmoja anayeoka keki hapa Umoja aliniita nimrekodie video ya kuomba msamaha. Keki ya ruracio, shilingi 9,500, ilitakiwa kufika Komarock saa sita mchana. Ilifika saa kumi na moja jioni, ghorofa ya juu imeanguka, wageni wanaondoka. Simu za mteja hakuzishika. Mteja akaanika mambo kwenye grupu ya mtaa, na oda tatu zikakatwa.

Alikuwa ameshaandika: "Kutokana na trafiki ya Outering, keki ilichelewa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote."

Nikamwambia, "Aunti, hapa hujaomba msamaha." "Ilichelewa" ni kama keki ilijiamulia huko njiani. "Usumbufu wowote" ni kama hujui uliharibu nini. Na hiyo "tunaomba" ni wewe na nani, na jikoni uko peke yako?

Nikamuuliza ukweli. Siku hiyo alichukua oda nne na alikuwa na mtu mmoja tu wa bodaboda. Trafiki ilikuwepo, sawa, lakini Outering iko hivyo kila Jumamosi. Tukaandika upya:

"Jumamosi niliharibu ruracio ya mteja wangu. Nilichukua oda nne na nilikuwa na bodaboda moja. Niliichelewesha keki yake masaa matano, na ilifika imeanguka. Alinipigia, sikushika simu kwa sababu niliona aibu. Nimemrudishia pesa zake zote, 9,500. Siku yake siwezi kumrudishia. Kuanzia sasa nachukua oda mbili kwa siku, na nikiona nachelewa, nitapiga simu mimi kwanza. Naomba msamaha."

Kabla ya kurekodi, alimpigia mteja na kutuma pesa kwa M-Pesa. Huo mpangilio ni muhimu. Ukiposti kabla ya kupiga simu, unaongea na mtaa, si na uliyemkosea. Mteja alikubali video itoke, bora jina lake lisitajwe. Ndiyo maana hatukuonyesha meseji ya M-Pesa, kwa sababu inabeba jina la mtu.

Mara ya kwanza alilia katikati. Nikamwomba tuanze tena. Kulia si dhambi, ni vile komenti zingejaa "pole sana mama", halafu mwenye ruracio asahaulike. Muziki pia sikuweka.

Wengine wataniambia kukiri hivi kunaua biashara. Mimi nadhani mtaa ulikuwa ushajua keki ilianguka. Kitu haukujua ni kama pesa ilirudi, na kama Jumamosi ijayo itakuwa tofauti. Hayo mawili ndiyo video inafaa kujibu. Kama huna jibu lake bado, usirekodi. Kwanza tafuta hizo 9,500.

Mteja hajarudi, na hana deni la kurudi.