Kusimamishwa Si Kuachishwa: Rejista ya Mwongozo wa Wafanyakazi

Sisi tuliolelewa na ushairi tuna udhaifu mmoja: neno zito hutuvutia kama sumaku. Miaka niliyofundisha Kiswahili sekondari ilinizoesha kusahihisha kwa kuinua, na kila mwanafunzi alipoandika neno la mtaani nililipigia mstari na kumpa la kitabuni. Mazoea hayo niliyapeleka kwenye kazi ambayo hayakuifaa, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Baada ya kustaafu niliombwa na kiwanda kimoja cha usindikaji, hapa hapa Tanzania, nitafsiri mwongozo wa sera za wafanyakazi kutoka Kiingereza. Ulikuwa na sura za mahudhurio, likizo, usalama, nidhamu na ukomo wa ajira. Katika sura ya nidhamu niliandika hivi:

“Mfanyakazi atakayetuhumiwa kutenda utovu wa nidhamu uliokithiri atasimamishwa utumishi kwa ujira kamili, pasi na kuathiri hatua nyinginezo, kusubiri hatima ya shauri lake.”

Niliisoma mara mbili na kuridhika nayo. Miezi michache baadaye mfanyakazi wa ghalani alipewa barua iliyonukuu sentensi hiyo. Aliona “atasimamishwa” na “hatima”, akaelewa kwamba ajira yake imekwisha. Alifunga virago akarudi kwao kijijini. Siku ya kikao cha nidhamu hakuonekana, na kutokuwepo kwake kukaanza kuhesabiwa kuwa utoro. Tuhuma ya kwanza huenda angeijibu. La utoro alilitenda kwa sababu ya Kiswahili changu. Bahati nzuri msimamizi wake alimpigia simu kabla jambo halijafika mbali.

Kijana wa idara ya utumishi akajitolea kuirahisisha. Aliandika: “Ukifanya kosa kubwa, utasimamishwa kazi hadi kesi yako iishe.” Hapa kila neno linajulikana, lakini angalieni kilichopotea. “Ukifanya” kimekwisha kumhukumu mtu, ilhali ametuhumiwa tu. Mshahara kamili umetoweka. “Kesi” imeleta polisi na mahakama mahali ambapo pana kikao cha ofisini. Tena “utasimamishwa” ni lazima, ilhali Kiingereza kilimpa mwajiri hiari tu. Sentensi yangu ilimficha msomaji haki zake, na ya kijana ikazikata.

Ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tukibishana juu ya swali lisilo sahihi. Tuliuliza kama mwongozo mzima uwe rasmi au uwe mwepesi, kana kwamba rejista ni rangi moja ya kupaka nyumba nzima. Naamini mgawanyo unaofaa ni huu: istilahi ibaki rasmi, sentensi iwe nyepesi.

Istilahi ibaki rasmi kwa sababu ndiyo mahali mfanyakazi anapokutana na sheria. Mitaani tunasema “amefukuzwa” kwa kila aliyepoteza kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haichanganyi hivyo. Aliyepunguzwa kazi kwa sababu za uendeshaji, akiwa ametumikia mwaka mzima au zaidi, anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu hastahili. Na anayedai kwamba ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kulipeleka dai lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfasiri akiandika “kufukuzwa” kila mahali kwa nia njema ya kueleweka, anazifuta tofauti ambazo mtu huyo atazihitaji siku ya shida. Kwa hiyo kusimamishwa, kuachishwa na kupunguzwa yabaki maneno matatu, na kila moja lielezwe mara ya kwanza linapotokea.

Sentensi iwe nyepesi kwa sababu uzito wake hauongezi maana ya kisheria hata chembe. “Pasi na kuathiri” na “kusubiri hatima” hayakumlinda mwajiri wala mwajiriwa. Yalikuwa mapambo yangu. Nilivunja sentensi ile moja, nikaandika:

“Ukituhumiwa kwa kosa kubwa la nidhamu, mwajiri ana hiari ya kukusimamisha kazi kwa muda wakati tuhuma inachunguzwa. Kusimamishwa si kuachishwa kazi: bado wewe ni mfanyakazi. Utaendelea kulipwa mshahara wako wote. Ni lazima ufike kwenye kikao cha nidhamu siku utakayoitwa.”

Ni ndefu kuliko zote mbili za awali, na ninakubali gharama hiyo. “Kusimamishwa” imebaki, ila sasa ina mpaka: msomaji ameambiwa si kitu gani. Nafsi imehama kutoka “mfanyakazi” kwenda “wewe”. Wenzangu waliniambia kwamba kumwambia mtu mzima “utafanya hivi” ni kukosa adabu. Hofu hiyo ina mashiko pale kitabu kinapoamrisha tu. Lakini “wewe” huyu anaambiwa pia atakacholipwa na haki atakayopata, na adabu iko hapo zaidi kuliko katika kumtaja kwa mbali kama mtu asiyekuwepo chumbani.

Vitenzi vya wajibu navyo vinataka uangalifu. Tunapenda “anapaswa” kwa kuwa ni la upole, lakini wengi hulisikia kama ushauri: inafaa, ila si lazima. Penye lazima niliandika “ni lazima”. “Anaweza” nayo ina nyuso mbili, uwezo na ruhusa. “Mwajiri anaweza kukukata mshahara” inaweza kusikika kama onyo kwamba mwajiri ni mkali, badala ya maelezo ya ruhusa na mipaka yake. Ndiyo maana nilichagua “ana hiari” au “anaruhusiwa”.

Kuna mahali pamoja ambapo urasmi wetu wa Kiswahili ni hatari zaidi, napo ni tafsida. Katika shairi tafsida ni staha. Katika sura ya unyanyasaji wa kingono nilikuwa nimeandika “vitendo vinavyomvunjia mtu heshima”. Binti wa kitengo cha kufungasha angejuaje kwamba kushikwa kiuno na msimamizi ni miongoni mwa vitendo hivyo? Hata neno “kijinsia”, tunalolikimbilia kwa kuwa halioneshi mwili, ni pana mno, kwa maana linabeba pia ubaguzi kati ya wanaume na wanawake. Hatimaye niliviorodhesha: kumshika mtu bila ridhaa yake, kumtaka kimapenzi kwa ahadi ya cheo, kumtumia picha za utupu. Mkono wangu wa mwalimu ulisita, lakini aibu ya kusoma maneno hayo ni ndogo kuliko aibu wanayoyaeleza.

Tangu hapo nina jaribio moja kabla ya kuikabidhi tafsiri yoyote ya aina hii. Ninamsomea kifungu mtu ambaye kitamhusu, mlinzi au mpakiaji, kwa sauti na mara moja. Simuulizi kama ameelewa, kwani kwa heshima ataniambia, “Nimeelewa, Mwalimu.” Ninamuuliza, “Ukipewa barua hii leo, kesho asubuhi utafanya nini?” Nilipomsomea mlinzi toleo la mwisho la kifungu kile, alifikiri kidogo, akajibu: “Nitakaa nyumbani, simu iwe wazi, nisubiri kuitwa.” Hapo ndipo nilipoifunga sura ya nidhamu.