Piramidi ya maneno isigeuke zoezi la mnyambuliko

Chukua jina la Fizi, uliongeze herufi moja: utapata ufizi. Chukua Baraka, uongeze m: utapata Mbaraka, jina ambalo sote tunalijua. Majina mawili ya kwetu yamepanda ngazi moja, lakini hakuna herufi iliyohama. Kwa kanuni ya piramidi ya maneno, ambayo inadai kila mstari uongeze herufi moja na kuzipanga upya herufi za mstari wa juu, hatujafanya chochote. Tumebandika kiambishi tu.

Hilo ndilo tatizo la piramidi nyingi zinazotungwa kwa Kiswahili. Tazama hii:

LIMA
LIMIA
LIMIWA
ALIMIWA
WALIMIWA

Mistari mitano, na kila mstari ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, mchezaji hajatafuta neno lolote jipya. Ameongeza kauli ya kutendea, kisha ya kutendwa, kisha viambishi vya nafsi. Mzizi ni uleule tangu juu hadi chini, na mtu anaweza kufanya hivyo kwa karibu kila kitenzi. Huo ni mnyambuliko uliovaa nguo za mchezo.

Sasa linganisha na hii, yenye mistari mitano pia:

LIA
MALI
MILIA
KAMILI
KILIMIA

Kutoka machozi tunafika kwenye utajiri, kisha kwenye mistari ya punda, kisha kwenye kitu kisichopungua, na mwisho kwenye Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima walilitazama ili kujua majira ya kulima. Hakuna mistari miwili inayofuatana yenye mzizi mmoja.

Mstari wa nne ndio wenye mtego. Herufi zilezile za KAMILI zinatoa pia KILIMA, na wengi wataanza na hilo kwa kuwa milima tunaiona kila siku. Lakini ukiandika KILIMA, mstari wa tano utaupata kwa kuchomeka i kabla ya a ya mwisho, bila kuhamisha herufi nyingine yoyote. Mpangilio hautakuwa mpya, na mchezaji makini atajua hapo kwamba arudi nyuma atafute neno jingine. Kosa linaonekana kwenye karatasi yenyewe: funika herufi iliyoongezwa, na kama zilizobaki zinasomeka kama mstari wa juu, mstari huo haufai.

Kwa hiyo napendekeza kanuni mbili kwa watungaji wetu. Kwanza, ukiondoa herufi mpya, zilizobaki zisisomeke kama neno lililotangulia. Pili, mistari miwili inayofuatana isiwe na mzizi mmoja. Sipigi marufuku maneno yaliyonyambuliwa. KULIMIA, kwa mfano, inakubalika chini ya KILIMA: herufi zimehama, na mzizi wa mlima si mzizi wa jembe. Kinachokatazwa ni kupanda kwa kutumia kiambishi peke yake.

Najua pingamizi litakalokuja: kwa kanuni hizo piramidi zetu zitakuwa fupi. Ni kweli, na sababu iko katika umbo la silabi zetu. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, na konsonanti, ukiacha maneno ya mkopo, hukaa pamoja kwa njia chache tu: m au n ikitangulia, w au y ikifuata, au herufi mbili zinazoandika sauti moja kama sh na ch. Mpe mtu BATA na herufi m, atapata TAMBA. Mpe s badala ya m, atahangaika, kwa sababu konsonanti tatu na irabu mbili hazipangiki hapo kwa urahisi. Ndiyo maana irabu huwa herufi ya thamani kuliko zote katika mchezo huu.

Kuna wanaotoa hoja kwamba piramidi za Kifaransa tulizozizoea shuleni huwa ndefu, kwa hiyo lugha yetu haina utajiri wa kuchezea. Hoja hiyo haina mashiko. Kifaransa hupata ngazi nyingi kwa kuongeza s ya wingi au e ya jinsia ya kike, herufi ambazo mara nyingi hata hazitamkwi. Tukiwatoza kanuni hizo mbili, nao watashuka. Urefu wa piramidi hupima tahajia na viambishi, haupimi msamiati.

Basi mtungaji atakayeleta piramidi kwenye kurasa zetu asituhesabie mistari. Atuonyeshe mizizi. Mitano tofauti yatosha.