Ramani ya Safari ya Mteja: Mbona Hamchori Kimya?

Msomaji mmoja aliye chuoni ameniandikia. Mwalimu wao amewapa kazi ya kuboresha huduma, na sharti ni wachore ramani ya safari ya mteja: hatua anazopitia, mahali anapokutana na huduma, hisia zake na kero zake. Ameniuliza atumie programu gani kuichorea. Ndugu yangu, karatasi na kalamu vinatosha. Tatizo la ramani nyingi nilizoziona, za wanafunzi na hata za sisi watengenezaji programu, haliko kwenye uchoraji. Huwa tunachora pale kampuni inapomgusa mteja, tunasahau pale inapomwacha peke yake. Nadhani pale ndipo kero kubwa hukaa.

Hebu tuchukue mfano ambao kila Mkenya anaujua: kununua tokeni za stima. Mteja wetu ana saluni ndogo. Ni saa moja jioni, kuna mtu chini ya mashine ya kukausha nywele, na mita inakaribia sifuri. Hisia nazipima kuanzia -2 hadi +2.

1. Mita inatoa onyo, kisha taa zinazimika. Hisia: -1.
2. Analipa shilingi 200 kwa M-PESA. Anaandika nambari ya mita yenye tarakimu 11. Hisia: 0.
3. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia. Hisia: +1.
4. Anangoja. Hisia: -2.
5. Ujumbe wa tokeni unaingia, tarakimu 20. Hisia: +1.
6. Anazibonyeza kwenye kibao cha mita, gizani, kwa mwanga wa simu. Hisia: -1.
7. Stima inarudi. Hisia: +2.

Sasa angalia hatua ya nne. Ukichora ramani kwa kufuata vituo tu, hatua hiyo haipo kabisa, kwa sababu hakuna skrini, ujumbe wala mhudumu. Ukiwauliza walio ndani ya kampuni, watakuambia kuna kazi kubwa inafanyika: malipo yanatoka mfumo wa fedha, yanaingia mfumo wa kuuza stima, tokeni inatengenezwa kwa ajili ya mita ile moja tu, kisha inapelekwa kwa mtambo wa kutuma ujumbe. Kila mfumo una mwenyewe, na kila mwenyewe anaona upande wake uko sawa. Mwenye saluni haoni lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba pesa zimetoka na taa hazijawaka.

Haya, hizo hisia nimezitoa wapi? Hapa ndipo wengi huchemsha. Wanakaa kikundi cha watu watano, wanakubaliana kwamba mteja "amekasirika", wanachora uso ulionuna. Hiyo ni hisia yao wenyewe. Namba zangu hapo juu nazo ni makisio ya kuanzia mpaka zipate ushahidi, na ushahidi mzuri ni kile mtu alichofanya.

Kwa tokeni, ushahidi uko kwenye simu za watu. Waombe majirani kumi wakuonyeshe jumbe mbili za ununuzi wao wa mwisho: ule wa malipo na ule wa tokeni. Andika saa ya kila mmoja, toa tofauti. Usichukue nambari zao za simu wala za mita, huzihitaji. Kisha jihadhari na wastani. Tuseme watu tisa walingoja dakika 1 kila mmoja, na wa kumi akangoja saa 3. Wastani ni karibu dakika 19, muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeungoja. Kwenye ramani andika muda wa kawaida, yaani dakika 1, na pembeni muda mrefu zaidi, saa 3. Hizo ni safari mbili tofauti kabisa, na hisia ya -2 ni ya ile ya pili.

Kisha waulize swali moja: "Ulipokuwa unangoja, ulifanya nini?" Usiulize walijisikiaje. Mmoja atakuambia alipiga simu, mwingine aliwaza kwamba malipo yamepotea akalipa tena. Yule aliyelipa mara ya pili amekupa hisia isiyo na ubishi, maana ameitolea pesa.

Kama una bahati ya kuifikia data ya kampuni, kulipa mara mbili kunaonekana kwa swali fupi tu:

```sql
SELECT a.mita, a.saa_malipo, b.saa_malipo
FROM malipo a
JOIN malipo b ON b.mita = a.mita
WHERE b.saa_malipo > a.saa_malipo
  AND b.saa_malipo <= a.saa_malipo + INTERVAL '1 hour'
  AND (a.saa_tokeni IS NULL
       OR a.saa_tokeni > b.saa_malipo);
```

Sharti la mwisho ni muhimu. Kuna plotini ambako wapangaji kadhaa hutumia mita moja, kila mmoja analipa kwa wakati wake. Hao si watu wenye wasiwasi. Tunamtafuta aliyelipa tena kabla tokeni ya kwanza haijafika. Hata hivyo wapangaji wawili wanaweza kugongana ndani ya dakika zilezile, kwa hiyo pigia simu wachache uhakikishe.

Tuje kwenye kero. "Tokeni huchelewa" ni malalamiko tu, huwezi kuyafanyia kazi. Kero iliyoandikwa vizuri ina sababu na ina mwenyewe. Hapa ziko mbili zilizoshikana: kuchelewa, na kutojua kwamba kumechelewa. Kuondoa ya kwanza huenda kukahitaji mitambo mipya na mikataba kati ya kampuni kadhaa. Ya pili inahitaji ujumbe mmoja, unaotumwa pale dakika 2 zikipita bila tokeni: "Tumepokea Sh200 za mita inayoishia 4821. Tokeni inaandaliwa. Usilipe tena."

Na utajuaje kwamba dawa imefanya kazi? Rudia swali lile la data baada ya mwezi. Muda wa kungoja unaweza kubaki uleule, lakini wanaolipa mara mbili wakipungua, basi hatua ya nne imepanda kutoka -2. Wasipopungua, ujumbe wako haufiki au hauaminiki, na inabidi urudi kwa wateja.

Kuna mipaka. Watu kumi hawawezi kukuambia ni wateja wangapi nchini wanaumia, wanakuonyesha tu pa kuchimba. Tena ramani hii ni ya mtu mmoja katika hali moja. Mwenye nyumba anayewanunulia wapangaji akiwa mbali ana hatua ambayo mwenye saluni hana: kumtumia mtu mwingine zile tarakimu 20. Mchoree ramani yake, usiwachanganye.

Ramani pia huzeeka. Kabla ya Novemba 2024 mita za aina hii zilihitaji kubadilishiwa ufunguo, na mteja alipaswa kuingiza tokeni mbili za ziada kabla ya ile ya stima. Hatua ya sita iligeuka kutoka tarakimu 20 kuwa 60, na aliyekosea mpangilio alibaki gizani. Aliyekuwa na ramani ya mwaka uliotangulia hakuweza kuiona kero hiyo. Kwa hiyo andika tarehe juu ya karatasi.

Huo ndio msimamo wangu. Kama wewe unafanya kazi upande wa mitambo hiyo na unaona nimewaonea, uwanja wa maoni uko hapo chini. Karibu tubishane.