Ukungu Kidogo Hautoshi, Ziba Hiyo Pleti

Wasee wa kushuti mtaani, najua mtaniambia barabara ni ya kila mtu na pleti huonekana na kila anayepita. Ni kweli. Lakini mpita njia anaiona mara moja, anaisahau. Klipu yako inabaki, na mtu anaweza kuisimamisha na kuikuza usiku kucha. Na hapa Kenya, mwenye akaunti ya eCitizen akilipa ada ndogo tu, anatafuta gari kwa namba na kupata jina la aliyelisajili.

Chukua klipu ya Buruburu. Gari limeegeshwa nje, na getini kuna namba ya nyumba. Sasa sema humo ndani kuna dada aliyehama kimyakimya kumkimbia mume mkali. Huyo mume pleti anaijua tayari. Alichokosa ni geti, na wewe umempa zote mbili kwa fremu moja. Ndiyo maana nasema ziba pleti, na ziba namba ya nyumba pia.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaweka ukungu mwepesi halafu tunajiona tuko fiti. Pleti zetu nyingi zina mpangilio mmoja: herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, herufi moja. Anayejua hivyo hahitaji kusoma kila kitu, anakisia tu. Umbo la 1 halifanani na la 8 hata likififia, na gari likisogea kila fremu inampa kidokezo kingine. Mimi natumia sanduku jeusi lisilopenya, kubwa kidogo kuliko pleti. Chini yake hakuna cha kukisia.

Gari likionekana kwa sekunde 4 kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde, hizo ni fremu 120, na ikiponyoka moja tu, kazi yote imeenda. Kwa CapCut, weka keyframe gari linapoingia, linapotoka, na kila linapobadilisha mwelekeo au ukubwa. Ukishamaliza, itazame video iliyotoka polepole, hasa mwanzo na mwisho wa gari, maana hapo ndipo sanduku huchelewa. Angalia pia vioo vya maduka, na picha ya jalada. Ukiichukua kutoka klipu ghafi, umeanika ulichoficha.

Na ile matatu iliyokaribia kugonga watoto? Tunza klipu halisi bila kuigusa, uipeleke polisi. Wao wanahitaji pleti. Sisi kwa komenti tutafanya nini nayo, zaidi ya kumtafuta mwenye gari ambaye pengine siku hiyo hata hakuwa kwa usukani?